Ushuhuda wa Kweli, Ushahidi wa Uongo



Jumatano moja, katika ushirika wa nyumbani, dada yetu alisimama kutoa ushuhuda. Amenipa ruhusa kuusimulia hapa bila kutaja jina lake. Alisema aliongezwa kwenye grupu ya Telegram ya biashara ya foreksi, ile ya kununua na kuuza pesa za kigeni. Aliweka shilingi 20,000. Admini alimweleza kwamba hahitaji kujua lolote: akaunti yake ingeunganishwa na ya mtaalamu, na kila mtaalamu akinunua, yake inanunua, akiuza, yake inauza. Vijana wanaiita kopi tredi. Faida ilikuwa asilimia 30 kwa wiki, na hiyo ilikuwa imehakikishwa. Wiki moja ikapita. Akaunti ikasoma 26,000. Akaomba atoe 6,000, na kabla hata ya saa moja kuisha simu ikalia, M-Pesa imeingia. Alituonyesha ujumbe wenyewe. Tukasema amina.

Sasa, katika ushuhuda huo hapakuwa na neno hata moja la uongo. Aliweka alichosema ameweka, akapokea alichosema amepokea. Hata hivyo watatu katika chumba kile waliamini kitu ambacho hakikuwepo, na kwa sababu yake. Mmoja aliweka 15,000, wa pili 40,000, wa tatu 50,000 zilizokuwa karo ya muhula. Swali ambalo limenisumbua tangu siku hiyo ni hili: je, mtu anaweza kusema kweli tupu na bado akawa shahidi wa uongo? Na kama anaweza, kosa lake ni lipi hasa?

Hebu tuanze na zile 6,000, kwa sababu hapo ndipo fundo lilipo.

Dada alidhani ni faida. Lakini ukiwa umempa mtu 20,000 na baada ya wiki akakurudishia 6,000, bado anashika 14,000 zako. Hajakupa chochote chake. Ili akutumie zile 6,000 hahitaji kununua dola wala kuuza yuro. Anahitaji tu kuwa na simu yenye pesa zako. Ujumbe wa M-Pesa ulithibitisha jambo moja pekee, kwamba siku ile, saa ile, mtu fulani alituma 6,000. Haukusema zilitoka wapi. Haukusema kama kulikuwa na biashara yoyote. Sisi ndio tuliojaza hayo mengine vichwani mwetu.

Na yule mtu alijua tutajaza. Malipo ya kwanza ndiyo mtaji wake, kama vile mvuvi anavyohesabu gharama ya chambo. Yaliyofuata yanaonyesha hesabu yake. Dada alilipwa asilimia 10 kwa kila aliyemleta, na kwa wale watatu akapata 10,500. Akafurahi, akachukua mkopo wa Sacco, akaongeza 60,000. Akaunti ikawa ya 80,000, na kwenye skrini ikapanda kila Ijumaa: 104,000, halafu 135,200, halafu 175,760, na wiki ya nne 228,488. Alipoomba kutoa zote aliambiwa pongezi, ila kwanza alipe kodi ya asilimia 15 ili pesa ziachiliwe. Akakopa 34,270, akatuma. Kesho yake ikaja ada nyingine ya 20,000 ya kufungua akaunti iliyozuiliwa. Hapo alikuwa hana tena. Alipouliza maswali kwenye grupu, aliondolewa.

Jumlisha upande wa yule mtu. Kwetu alipokea 20,000, kisha 105,000 za wale watatu, kisha 60,000, kisha 34,270. Jumla ni 219,270. Alichotoa ni 6,000 na 10,500. Hakuna duka mtaani kwetu linalopata faida hiyo, na bidhaa aliyouza ilikuwa moja tu, nayo ni ushuhuda wa mtu mwaminifu.

Mtu ataniambia, "Mzee, lakini si wengi walikuwa wameona ishara zikitimia kwenye grupu? Walikuwa wanaambiwa nunua, na bei inapanda kweli." Ndiyo, walikuwa wameona. Kuna mbinu ya zamani kuliko simu, ilianza enzi za barua, na kila anayepokea signali angeielewa vizuri. Signali, kwa asiyejua, ni ujumbe mfupi wa kusema nunua sasa au uza sasa. Chukua watu 1,600. Waambie 800 kwamba kesho dola itapanda, na 800 wengine kwamba itashuka. Kesho ikifika, nusu moja lazima iwe imeambiwa kweli. Wale waliodanganyika waache, usiwaandikie tena. Wale 800 wagawe tena, 400 huku na 400 kule. Siku ya tatu unabaki na 200 walioona kweli mara tatu mfululizo, siku ya nne na 100, siku ya tano na 50. Hao 50 wameona mtu akitabiri soko siku tano bila kukosea. Wataapa. Na hawatakuwa wanadanganya, kwa sababu waliona. Ambacho hawakuona ni wale 1,550 walioachwa njiani kimya kimya. Na yule mtabiri hajui lolote kuhusu dola.

Siku hizi si lazima agawe watu. Anaweza kugawa akaunti. Anafungua akaunti 10, kila moja inacheza kamari ya namna yake. Baada ya mwezi 9 zimekufa na 1 imepanda kupita kiasi. Hiyo moja ndiyo anayokuonyesha na kukuambia unganisha yako na hii. Historia unayoiona ni ya kweli. Zile 9 hutaziona kamwe. Kwa hiyo mtu akikuonyesha rekodi ya ushindi, swali la kuuliza si "je, ni ya kweli?" Uliza, "Nyingine ziko wapi?"

Na mara nyingi hata hiyo akaunti moja haipo. Hapa watu wengi wanachanganyikiwa, kwa hiyo nitaeleza polepole. Wengi wetu tunapoona programu kama MetaTrader kwenye simu, yenye mistari ya kijani na nyekundu, tunadhani tunaangalia soko. Programu ile ni dirisha tu. Namba za akaunti yako zinatoka kwenye mashine ya broka, na broka ndiye anayeziandika. Kwa broka halali, namba hizo zinasimamia pesa halisi. Kwa broka bandia, ni maandishi. Anaweza kuandika 228,488 kwa urahisi ule ule wa kuandika 228. Tena yule yule broka halali hutoa akaunti ya demo, ya kujifunzia, ambayo inapanda na kushuka kama ya kweli lakini ndani yake hakuna hata shilingi. Picha ya skrini ya akaunti ya demo ya dola 50,000 inapendeza macho sawasawa na ya kweli.

Hili si jambo la mtaani kwetu tu. Huko Afrika Kusini kulikuwa na kampuni iliyoitwa Mirror Trading International, MTI. Ilikusanya sarafu za kidijitali za bitkoini ikisema ina programu ya kompyuta inayofanya biashara ya foreksi yenyewe, na kwamba wanachama wangepata karibu asilimia 10 kwa mwezi. Aliyeleta mwenzake alipewa bonasi. Wanachama waliona salio lao likiongezeka, na kwa muda mrefu waliotaka kutoa walitoa, wakashuhudia. Desemba 2020 malipo yalikwama na mkurugenzi wake, Johann Steynberg, akatoroka. Alikamatwa Brazil mwishoni mwa 2021. Mamlaka ya Marekani iitwayo CFTC ilipoifikisha mahakamani mwaka wa 2022, ilisema zilikusanywa bitkoini zaidi ya 29,000, na kwamba waliotoa walikuwa watu wasiopungua 23,000 Marekani pekee, mbali na wengine kote duniani. Biashara iliyotangazwa haikuwa ya kweli, na taarifa za akaunti zilikuwa za kubuni. Waliolipwa walilipwa kwa pesa za walioingia baada yao.

Kuna jambo moja katika kesi hiyo ambalo ningependa tulitafakari. Wasimamizi wa ufilisi hawakumfuata Steynberg peke yake. Walianza pia kuwadai wanachama waliotoa zaidi ya walichoweka. Kwa mwanachama aliyetoa bitkoini zake kwa nia njema hilo liliuma sana. Lakini ukifikiria, hoja yao ni nzito. Kama hapakuwa na biashara, basi hapakuwa na faida. Na kama hapakuwa na faida, kile ulichopokea juu ya mtaji wako kilikuwa mtaji wa mwingine, labda karo ya mtoto wake. Wewe hukujua. Lakini kutojua kwako hakukuzifanya kuwa zako.

Sasa nirudi kwa dada yetu. Siku niliyomtembelea aliniambia, akilia, "Mzee, mimi nilisema nilichoona. Sikuongeza chumvi." Ni kweli, hakuongeza. Lakini nilimkumbusha maneno yake ya mwisho siku ile. Baada ya kuonyesha ujumbe wa M-Pesa alisema, "Wapendwa, hii kitu inafanya kazi." Kati ya "nimepokea 6,000" na "inafanya kazi" kuna bonde kubwa, naye alilivuka bila daraja. La kwanza alilijua. La pili hakulijua, alilitumaini. Nafikiri kosa lake liko pale, na si dogo wala si kubwa sana: alitusimulia tumaini lake kwa sauti ya mtu anayejua. Sisi tuliomsikiliza tuna letu pia, kwa sababu tulipima moyo wake badala ya kupima jambo lenyewe. Moyo wake ulikuwa safi. Lakini usafi wa moyo wa dada hausemi lolote kuhusu mtu aliye upande wa pili wa simu ambaye hata yeye hajawahi kumwona.

Torati inalijua jambo hili. Katika Kumbukumbu la Torati sura ya 13 watu wanaonywa kuhusu nabii anayetoa ishara, na ishara hiyo ikatimia, kisha akawavuta wafuate miungu mingine. Wanaambiwa wasimfuate, ingawa ishara imetimia. Huwa tunakumbuka zaidi onyo la sura ya 18, kwamba neno lisipotimia nabii huyo ni wa uongo, na tunageuza kuwa kanuni yetu: likitimia, basi ni la kweli. Sura ya 13 inatukataza kugeuza hivyo. Kutimia peke yake hakutoshi. 6,000 kuingia hakutoshi.

Kuna suala la ile 10,500 ambalo ni gumu zaidi, na dada mwenyewe ndiye aliyelitaja kabla yangu. Siku ya ushuhuda alikuwa bado hajapokea kitu kwa ajili yetu, lakini alijua atapokea, na hakutuambia. Naona hapo ndipo shahidi anageuka kuwa wakala. Si dhambi kulipwa kwa kuleta mteja. Mawakala wa bima wanafanya hivyo mchana kweupe na tunajua. Ubaya ni kusimama mahali pa shahidi huku umeshika mfuko wa wakala. Angesema tu, "Mkijiunga kupitia kwangu nitapata asilimia 10," naamini angalau yule wa karo angeuliza maswali mawili matatu.

Ndugu mmoja alinipinga vikali nilipozungumza hivi. "Kwa hiyo tuanze kushukiana? Mtu wa Mungu akisimama tumdai risiti?" Nilimjibu kwa jambo tunaloliona kila Jumapili. Sadaka yetu huhesabiwa na watu wawili au watatu, wakaandika, wakatia sahihi. Hakuna anayesema kwa kufanya hivyo tumemwita shemasi mwizi. Tunahesabu pamoja ili shemasi asibebeshwe mzigo ambao neno lake peke yake haliwezi kuubeba. Kumuuliza ndugu "Leseni ya huyo broka iko wapi?" ni kumfanyia hivyo hivyo.

Na swali hilo lina jibu, halihitaji ufunuo. Hapa Kenya biashara ya foreksi ya mtandaoni inasimamiwa na Mamlaka ya Masoko ya Mitaji, CMA, chini ya kanuni za mwaka wa 2017. Anayetaka kuwa broka, au kusimamia akaunti za wengine kwa niaba yao, sharti apewe leseni na CMA. Orodha ya wenye leseni iko kwenye tovuti yao, www.cma.or.ke. Usifuate kiungo ulichotumiwa na admini; andika anwani mwenyewe. Kisha linganisha jina herufi kwa herufi, kwa sababu matapeli hupenda jina linalofanana na la kampuni halali, wakaongeza neno moja tu mwishoni. Ukimkuta kwenye orodha, piga simu kwa nambari iliyo kwenye tovuti ya kampuni halali na uulize kama huyo admini ni mtu wao. Dada yetu hakuwa amefanya hivyo. Tulipotafuta pamoja jioni ile, jina la "kampuni" yake halikuwepo kabisa.

Angalia pia M-Pesa inakuambia nini unapotuma. Jina la anayepokea hutokea pale. Yeye alikuwa anatuma kwa jina la mtu binafsi, na mara moja kwa jina la duka la nguo, akaambiwa ni wakala wao. Kampuni yenye leseni hupokea kwa jina lake. Na kuhusu ile kodi: kama kweli una 228,488 kwenye akaunti na unadaiwa 34,270, mwambie akate humo humo akutumie zinazobaki. Mwenye pesa zako halisi anaweza kukata. Asiyekuwa nazo atakuambia haiwezekani, lazima utume mpya, kwa sababu hizo mpya ndizo pesa pekee zilizopo katika hadithi nzima. KRA haikusanyi kodi yako kupitia simu ya mtu binafsi.

Lakini leseni yenyewe si ahadi ya faida, na nisingependa mtu atoke hapa akidhani hivyo. Mwaka wa 2018 mamlaka ya masoko ya Ulaya, ESMA, ilipoangalia akaunti za watu wa kawaida wanaofanya biashara za aina hii kwa mabroka halali kabisa, ilikuta kati ya asilimia 74 na 89 zinapoteza pesa. Ndiyo maana broka halali anaandika onyo kwamba unaweza kupoteza. Ni ajabu kidogo: mwenye leseni anakutisha, asiye na leseni anakuhakikishia. Na hakikisho lenyewe unaweza kulipima kwa kikokotoo cha simu. Asilimia 30 kila wiki, faida ikirudishwa ndani, inageuza shilingi 10,000 kuwa zaidi ya bilioni 8 kwa wiki 52. Mtu mwenye uwezo huo angekaa usiku kucha kwenye Telegram akimbembeleza mama muuza mboga aweke 10,000?

Waliokwisha kuumia nawaambia hili moja: baada ya majuma machache atatokea mwingine, anayejiita mwanasheria au mtaalamu wa kurudisha pesa, naye ataomba ada kwanza. Dada alipigiwa simu na mtu wa namna hiyo aliyejua hadi kiasi alichopoteza. Bila shaka aliyempa habari ni yule yule. Peleka ujumbe wako wote wa M-Pesa na mazungumzo ya grupu kwa polisi na kwa CMA, usiyafute kwa aibu.

Kuhusu wale watatu, dada aliamua mwenyewe, hakuna aliyemlazimisha. Alisema zile 10,500 hazikuwa zake hata siku moja, na akaanza kuzirudisha kutoka kwenye mauzo ya kibandani kwake, kila mtu asilimia 10 yake. Yule wa 15,000 alipewa 1,500 zake, akazipokea, wakaomba pamoja. Yule wa 40,000 alikataa 4,000, akasema, "Dada, sisi sote tulitaka." Yule wa karo bado hajafungua mlango. Zile 5,000 ziko ndani ya bahasha, na bahasha iko ndani ya Biblia ya dada, na kila Jumatano anakuja nayo.